Kazi ya kulaiki video: jinsi ya kujinasua kabla na baada ya kuweka pesa

Mpwa wangu alinipigia saa nne usiku, akaniamkia harakaharaka, akaomba laki tano. "Mjomba, kesho asubuhi nakurudishia, na ya juu nakupa." Nikamuuliza za nini. Akasema za kumalizia kazi. Nikamuuliza ni kazi gani ambayo mfanyakazi ndiye anayemlipa bosi. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba pesa yake imeshakwenda.

Nimeandika mwongozo huu kwa kufuata njia aliyopitishwa, hatua kwa hatua, kwa sababu matapeli hawa wana mpangilio usiobadilika sana. Mwaka 2023 India iliumizwa nao vibaya, hadi Desemba mwaka huo serikali yake ikafunga zaidi ya tovuti mia moja za kazi za namna hii. Marekani, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilipokea malalamiko kama 5,000 mwaka mzima wa 2023, kisha kama 20,000 katika nusu ya kwanza tu ya 2024. Hapa kwetu Tanzania ujumbe ni uleule, ila pesa inapita kwenye laini za simu.

Hatua ya kwanza: ujumbe wa kwanza, na swali la nani analipa

Ujumbe huja WhatsApp kutoka namba usiyoijua, mara nyingi ya nje ya nchi. Mwandishi anajitambulisha kuwa ni wa ofisi ya ajira ya kampuni kubwa ya matangazo. Anasema wateja wao wanataka video zao zipendwe, nawe utalaiki tu, upige picha ya skrini, umtumie, ulipwe. Mpwa wangu aliahidiwa shilingi 1,500 kwa kila video.

Kabla ya kujibu lolote, fikiri pesa hiyo inatoka wapi. YouTube haimlipi mtazamaji, wala haimlipi anayelaiki. Inamlipa mwenye chaneli, kutokana na matangazo yanayoonyeshwa kwenye video zake, na kwa njia ya kawaida ili apate mgawo huo lazima awe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili. Laiki ya kununuliwa imekatazwa na kanuni za YouTube zenyewe, na zikigundulika zinafutwa. Kwa hiyo hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayetoa 1,500 kwa laiki moja ya mtu wa Mbeya. Anayetoa 1,500 hiyo hanunui laiki. Ananunua imani yako.

Ukiwa bado uko hapa, kazi ni nyepesi: usijibu hata kwa kumtukana, kwa sababu jibu lolote linamthibitishia kwamba namba inatumika. Ripoti ujumbe huo ndani ya WhatsApp, kisha uizuie namba.

Hatua ya pili: umeshalipwa vijisenti

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu pesa inaingia kweli. Mpwa wangu alilaiki video tatu siku ya kwanza akapata 4,500, na siku ya pili tatu nyingine, 4,500. Jumla 9,000, na aliitoa kwa wakala akanunulia umeme. Mama yake alipomwambia ni utapeli, alimwonyesha ujumbe wa muamala. Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Jibu ni kwamba kulipwa hakuthibitishi chochote. Tapeli wa zamani alikuwa anaomba pesa kwanza, watu wakamzoea. Huyu wa sasa anatanguliza yake, kama mvuvi anavyotanguliza chambo. Hata ukisema "ngoja nijaribu kutoa, nikifanikiwa nitaamini", hilo jaribio lako wameshalipangia bajeti.

Fungua ujumbe wa miamala hiyo midogo uangalie jina la mtumaji. Mara nyingi kila malipo yanatoka kwa mtu tofauti. Siku ya kwanza mpwa wangu alilipwa na jina la mwanamke, siku ya pili na jina la mzee mmoja, na hakuna hata mara moja lilipoonekana jina la kampuni. Kampuni inayolipa watu wengi kila siku hailipi kwa laini za watu binafsi zinazobadilika. Na kuna la kutisha zaidi: pesa uliyotumiwa inaweza kuwa ya mtu mwingine aliyetapeliwa, aliyeelekezwa aitume moja kwa moja kwako. Yeye anadhani analipia "kazi" yake, wewe unadhani umelipwa mshahara, na tapeli hajaigusa. Mtu huyo akienda kuripoti, namba inayotajwa ni yako.

Kwa hiyo ukiwa kwenye hatua hii, acha palepale. Usitume kitu "kuwarudishia", kwa kuwa huna deni nao na hujui unamtumia nani. Hifadhi ujumbe wa miamala, utauhitaji ukiulizwa. Wakikuomba upokee pesa ya "mwenzako" kwenye laini yako kisha uipeleke mbele, kataa kabisa, maana hapo unakuwa daraja la pesa ya wizi, na polisi hawatakuuliza kwanza kama ulijua.

Hatua ya tatu: kulitambua lango

Baada ya malipo ya kwanza unahamishiwa Telegram. Yule wa WhatsApp anaitwa mapokezi, na Telegram unamkuta "mwalimu". Unaingizwa kwenye grupu lenye watu wengi wanaolaiki mchana kutwa na kuweka picha za malipo yao. Kazi zinakuja kwa namba: kazi ya 1, ya 2, ya 3. Halafu inakuja moja iliyo tofauti. Wanaiita kazi ya mfanyabiashara, kazi ya kulipia, au kazi ya VIP. Hiyo unatanguliza pesa, kisha inarudi na faida.

Kila kitu kabla ya hapo kilikuwa maandalizi ya kazi hiyo moja. Jina likibadilika, kanuni ya kuitambua haibadiliki: pesa imegeuka njia, sasa inatoka kwako kwenda kwao. Iite amana, iite dhamana, iite mtaji wa oda, ukiona imegeuka umefika langoni.

Mpwa wangu aliweka 20,000, akarudishiwa 26,000. Kesho yake akaweka 50,000, akarudishiwa 65,000. Tupige hesabu kwa upande wa tapeli. Ametoa 9,000 za laiki, 6,000 za faida ya kwanza na 15,000 za faida ya pili, jumla 30,000. Kwa elfu thelathini amempata binti aliyekwishaona kwa macho yake mara mbili kwamba akiweka, inarudi. Hiyo ndiyo gharama yao yote, na kuanzia hapo hawatoi tena hata senti.

Wengine huniambia wangeishia hapo na faida yao. Inawezekana, lakini wewe hujui ni kazi ya ngapi ambayo hawatarudisha. Wao wanajua. Kuna watu wamefungiwa kwenye amana ya kwanza kabisa.

Hatua ya nne: kazi ya kundi, ambako ndiko pesa inakoliwa

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu ukielewa sehemu hii utaelewa kwa nini mtu mwenye akili zake timamu anatuma pesa mara tatu, mara nne, kwa watu ambao ameshaanza kuwashuku.

Mwalimu alimwambia mpwa wangu kwamba amefuzu, sasa ataingia kundi dogo la watu wanne kwa kazi ya pamoja yenye awamu tatu. Faida ni asilimia 30, nayo inatolewa awamu zote zikimalizika. Kiasi cha awamu zijazo hakikutajwa. Awamu ya kwanza ilikuwa 150,000. Akaituma. Skrini ya tovuti yao ikasoma 195,000. Awamu ya pili ilikuwa 380,000. Akashtuka, akaomba kujitoa. Hapo ndipo wale wenzake watatu walipoanza kuandika: mmoja kasema ameweka ada ya mtoto, mwingine kasema ukitoka wewe pesa zetu sote zinafungwa, tafadhali dada. Mpwa wangu si mtu wa kuwaumiza wenzake. Alikopa kwa jina la mama yake kwenye kikoba, akatuma 380,000. Skrini ikasoma jumla 689,000.

Awamu ya tatu ikawa 900,000.

Wale watatu hawakuwa wenzake. Walikuwa mapokezi na mwalimu kwa majina mengine, na ada ya mtoto haikuwepo. Ukiwa ndani ya kundi la hivyo, tazama jinsi "wenzako" wanavyoweka pesa kubwa ndani ya dakika chache, hata usiku wa manane, na jinsi kila mmoja anavyomshukuru mwalimu kwa maneno yanayofanana. Tazama pia kwamba hakuna hata mmoja anayekwama kama wewe.

Alipolia kwamba hana 900,000, mwalimu alimhurumia. Akasema atamwongezea 400,000 kutoka mfukoni mwake, yeye atafute 500,000 tu. Huo ndio mtego wa mwisho, na ndio uliomleta kwangu usiku ule. Zile 400,000 zilikuwa namba iliyoandikwa kwenye tovuti yao wenyewe, haikumgharimu mtu kitu. Lakini sasa alijiona ana deni la fadhila, na kwamba akishindwa atakuwa amemwangusha hata mtu aliyemsaidia.

Ipo namna nyingine isiyo na kundi. Unapewa tovuti ya "kupanga oda" au kuongeza nyota za bidhaa, unabofya oda 30 au 40 kwa siku. Ghafla inakuja oda ya bahati yenye bidhaa nyingi na kamisheni kubwa, na salio lako linageuka hasi, tuseme hasi 85,000. Huwezi kuendelea wala kutoa hadi ulifidie. Ukifidia, baada ya oda chache linageuka hasi tena, kubwa zaidi. Oda hiyo haikuja kwa bahati. Kuna mtu nyuma ya tovuti ameiweka kwenye akaunti yako baada ya kuona umeweza kulipa ile ya kwanza.

Katika namna zote mbili, salio unaloliona ni maandishi. Hakuna benki nyuma yake, hakuna laini iliyoshika hizo 689,000. Kitu halisi ni kile kilichotoka kwenye simu yako. Chukua kalamu, andika upande mmoja ulizotuma na upande mwingine zilizoingia kwenye laini yako, uitupe namba ya kwenye tovuti. Kwa mpwa wangu: alituma 20,000, 50,000, 150,000 na 380,000, jumla 600,000. Zilizoingia ni 9,000, 26,000 na 65,000, jumla 100,000. Amepoteza laki tano. Tulipoiandika hiyo hesabu kwenye simu, yeye kule, mimi huku, ndipo aliponyamaza na kuacha kuniomba.

Hatua ya tano: usilipie kutoa pesa

Mtu akigoma awamu inayofuata, lugha inabadilika. Anaambiwa alama zake za uaminifu zimeshuka hadi 80, azipandishe kwa kulipia kila alama. Au amekosea kubofya, akaunti imefungwa, alipe faini. Au pesa iko tayari ila kuna kodi.

Hii ya kodi inawapata hata wasomi, basi tuiweke sawa. Kodi ya malipo hukatwa na anayelipa kabla pesa haijakufikia. Haitumwi kwanza kwa namba ya mtu. Na malipo ya serikali ya Tanzania hupitia kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi wanaiita kontroo namba. Kama kweli wangekuwa na pesa yako na kodi ingekuwepo, wangekata humohumo. Waambie wakate humo. Jibu lao litakutosha.

Wakikuelekeza ununue sarafu ya kidijitali ya USDT na kuituma kwenye anwani ndefu ya herufi na namba, ujue wanahama kutoka kwenye njia ambayo mtandao wa simu unaweza kuzuia kwenda kwenye njia isiyo na wa kumpigia. Pesa iliyotumwa hivyo hairudishwi.

Hatua ya sita: umeshatuma, fanya haya kwa mpangilio huu

Kwanza piga simu kwa mtandao wako, 100 kwa hapa Tanzania, kabla hujamlilia mtu yeyote. Soma kumbukumbu namba ya muamala, taja muda, kiasi na namba uliyoitumia, na sema wazi kwamba umetapeliwa na unaomba pesa izuiwe. Mtandao unaweza kuzuia kile tu kilichobaki kwenye laini ya mpokeaji, ndiyo maana dakika zinahesabika. Mpwa wangu alituma zile 380,000 saa kumi jioni, tukapiga simu saa tano usiku. Laini ilikuwa imekombwa. Kama ulituma kwa benki, piga benki yako vilevile. Kenya, kwa wa Safaricom, namba ya kuripoti utapeli kwa ujumbe ni 333.

Pili, hifadhi ushahidi kabla ya kuwaambia kwamba umewagundua. Hili wengi hulikosea. Telegram inamruhusu mtu kufuta mazungumzo yote kwa pande mbili, ya kwake na ya kwako, muda wowote. Ukianza kwa matusi, baada ya dakika tano huna hata mstari mmoja wa kumwonyesha polisi. Piga picha za skrini za mazungumzo, za majina ya akaunti yanayoanza na alama ya @, za namba za kupokelea pesa, na za tovuti pamoja na anwani yake juu. Ukiwa na kompyuta, Telegram ya kompyuta ina kitufe cha "Export chat history" kinachokuhifadhia yote kwa mpigo. Baada ya hapo ondoka kimyakimya.

Tatu, nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe taarifa na usiondoke bila namba ya RB. Kosa ulilotendewa linaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kuna kitengo cha makosa hayo. Mtandao wa simu hautakutajia mwenye laini iliyopokea. Taarifa hiyo wanapewa wapelelezi. Usishangae askari wa kaunta akikuuliza kwa nini ulituma. Jibu, endelea, chukua RB. Kenya unaweza kuanza na namba ya bure ya DCI, 0800 722 203.

Nne, ripoti namba zenyewe kwa TCRA: tuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha fuata maelekezo utakayotumiwa. Kama ulikuwa umewapa picha ya kitambulisho, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiona usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ukaikatae.

Usimfuate mwenye jina lililotokea kwenye muamala. Laini nyingi za matapeli zimesajiliwa kwa majina ya watu wengine, wakiwemo waliotapeliwa kama wewe. Nilimzuia mpwa wangu kumpigia yule mzee wa siku ya pili, na sijutii.

Jambo la ofisi nalo. Watu hudhani kazi ya mtandaoni ikiwa na ofisi na mkutano wa kukutana ana kwa ana, basi ni salama. Februari 2025 polisi wa Tanzania waliwakamata watu katika mikoa kadhaa kuhusiana na LBL, iliyodai kuwalipa wanachama kwa kutazama vionjo vya filamu baada ya kuweka pesa. Hao walikuwa na ofisi, na majirani ndio walioingizana.

Hatua ya saba: atakayekuja baada ya hapo

Orodha ya waliotapeliwa ina thamani kwa matapeli, kwa sababu ina watu wenye uchungu na wanaojulikana kwamba hutuma. Ndani ya wiki chache anatokea wakili, au mtaalamu wa kufuatilia pesa, au "afisa wa kitengo cha mtandao". Anajua kiasi ulichopoteza hadi shilingi ya mwisho, na hilo linakufanya umwamini, ilhali anakijua kwa sababu ni wao walewale au wamemuuzia. Anaomba ada ndogo ya kufungua jalada. Polisi hawakutozi ada ya kukurudishia pesa, na hakuna mtu anayeweza kuivuta pesa ya laini iliyokwisha kukombwa.

Zile 380,000 za kikoba tumekubaliana na mama yake kuzilipa kwa miezi minne, na wanakikundi wameelezwa ukweli wote, namna zilivyokwenda na jina la kazi yenyewe. Wawili kati yao walikuwa wameshatumiwa ujumbe uleule. Siku ya kumi na tisa mpwa wangu alinitumia picha ya skrini: mtu mwenye picha ya mizani ya sheria akimwambia laki tano yake imepatikana, imebaki 35,000 ya uhamisho. Chini yake ameandika, "Mjomba, nimeshamripoti na kumzuia. Hii nayo niipeleke kwenye RB ileile?"

Nilimjibu aipeleke.